Jina la Mkwe Kwenye Leseni

Barua ilipotua mezani kwa Otto Mautu, jambo la kwanza alilofanya ni kuigeuza kifudifudi. La pili, akaiwekea kikombe cha chai juu yake, kana kwamba ingeinuka na kukimbia. La tatu, akatoka nje kwenda kununua popoo za kutafuna, na tangu hapo hakuonekana ofisini mpaka saa nane mchana.

Ofisi yenyewe ni ya bodi ya usajili wa wakunga, pale Waigani, mjini Port Moresby. Otto ndiye afisa wa kumbukumbu. Mkunga akiolewa, akihama, akifa, au akikosewa jina, faili lake linapita mikononi mwa Otto. Kazi anaijua, tena vizuri sana. Hana uvivu wala hana tamaa. Kasoro yake ni moja tu: ana mkwe.

Nitalitaja jina la huyo mkwe, maana mimi si mkwe wake na mdomo wangu hauna deni naye. Anaitwa mzee Vokula, wa kijiji cha Kasiloli, huko mkoa wa West New Britain kwenye michikichi na magimbi mazuri. Otto ameoa binti yake wa pili, Apolonia. Na kwa watu wa kwao, ukishaoa, jina la baba mkwe ni mwiko mdomoni mwako moja kwa moja. Hulitaji, huliandiki, na hata neno la kawaida lenye matamshi hayo hayo unalikwepa. Ndugu wa mke nao hivyo hivyo: huwaiti kwa majina, husemi nao ana kwa ana. Mjomba wake Otto aliwahi kusoma somo kanisani, akafika kwenye neno linalotamkwa sawa na jina la mkwewe, akaliruka pamoja na mstari wake mzima, na Wafilipi wakapungukiwa siku hiyo. Ukiteleza unalipa nguruwe. Nguruwe si kitu, mtu anaweza kumpata. Aibu ndiyo haipatikani pa kuipeleka.

Sasa soma barua hiyo mwenyewe.

"Kwa Msajili wa Bodi. Yah: Ombi la kusahihishiwa jina kwenye leseni ya kazi kabla ya kuihuisha. Mimi ni mkunga niliyesajiliwa, nafanya kazi kituo cha afya cha Kasiloli. Jina langu ni Philomena Vokula, kama linavyosomeka kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha chuo na orodha ya mishahara. Leseni yangu imeandikwa Philomena Vokola. Naomba herufi hiyo irekebishwe kwenye daftari la usajili kabla sijahuisha, kwani nikihuisha kwanza kosa litachapwa upya. Naambatisha leseni halisi, nakala ya cheti cha kuzaliwa iliyothibitishwa, na kiapo nilichokula mbele ya kamishna wa viapo kwamba Vokola na Vokula ni mtu mmoja, ambaye ni mimi."

Umeona? Philomena ni binti mkubwa wa mzee. Ni dada wa mke wa Otto. Na jina lake la pili ni la baba yake.

Usiniulize nani alikosea. Ni Otto, na alikosea kwa makusudi. Miaka minne iliyopita bodi ilipohamisha daftari lake kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kompyuta, yeye ndiye aliyeketi na kuandika majina yote ya nchi nzima, moja baada ya jingine. Alipofika kwenye V alitokwa na jasho. Afanyeje? Kuliacha tupu hawezi, mkunga angefutika. Kuliandika hawezi, ni mkwe. Basi akaitoa u akatia o, akafunga macho, akabonyeza. Akaona amepita katikati: serikali imepata jina, na mzee amepata heshima yake. Akaenda nyumbani akalala usingizi mzuri.

Miaka yote hiyo hakuna aliyejali. Philomena alizalisha watoto kwa leseni yenye o, na watoto hawakulalamika. Mwaka huu ndipo mamlaka ya afya ya mkoa ilipotoa waraka. Walichoka kulipa watumishi hewa, basi kuanzia tarehe mosi Januari, mtumishi ambaye jina la leseni yake halilingani na la orodha ya mishahara asiguse mgonjwa. Kwa hesabu ya waraka huo, Kasiloli ilikuwa na wakunga wawili: Vokola mwenye leseni asiyelipwa, na Vokula anayelipwa asiye na leseni. Wote wawili wangesimamishwa. Na kwa kweli alikuwa mmoja, na mkunga mwingine hakuna mpaka ufike hospitali ya mkoa, kuvuka mito miwili.

Na hapo ndipo Otto alipokuwa akiumia, maana Apolonia alikuwa mjamzito. Mimba mbili za mwanzo zilitoka, zote hapa mjini, na mara ya pili nusura aondoke yeye mwenyewe. Aliponyanyuka kitandani akasema, "Otto, nikijaliwa tena, nazaa kwa dada Philomena. Mikono mingine siitaki." Sasa alijaliwa. Mtoto alitarajiwa katikati ya Januari, na Apolonia alikwisha panda ndege kurudi kwao na mifuko miwili ya nguo za mtoto. Barua ilifika wakati Otto anaishi peke yake nyumbani, anakula wali na samaki wa kopo, usiku na mchana.

Mtu mwenye akili angefanya nini? Angemwendea Msajili, Mama Raka Vagi, Mmotu, mtu wa kabila la pwani, mwanamke wa kueleweka kabisa, akamwambia, "Mama, hili jina siwezi, niandikie wewe." Lakini Otto angeanzia wapi? Angesema, "Mama, miaka minne iliyopita nilibadilisha daftari la serikali kwa makusudi"? Thubutu! Na mwenzake wa pale mezani, aliyeweza kuandika badala yake, alikuwa masomoni mpaka Februari.

Basi Otto akaanza kupiga danadana. Alijibu barua kwa adabu zote, "Ndugu Mkunga, ombi lako limepokelewa. Tafadhali leta nakala ya cheti cha chuo iliyothibitishwa." Ikaja. "Ndugu Mkunga, tafadhali leta kiapo cha mtu aliyekufahamu kwa muda mrefu." Padri wa Kasiloli akaenda mjini Kimbe kula kiapo kwamba anamfahamu Philomena tangu akiwa na meno ya utotoni. "Ndugu Mkunga, tafadhali leta picha ndogo mbili." Zikaja, na ndani ya picha Philomena alikuwa amekaza macho hivi kwamba Otto alizifungia kwenye droo.

Philomena si mjinga. Alijua shemeji yake anafanya kazi kwenye ile bodi. Lakini naye angemwandikiaje? Jina la Otto naye halitaji. Barua zake za mwisho zilianza, "Kwa Yule Aketiye Kwenye Meza ya Kumbukumbu," kama anayemwandikia nabii.

Mwishoni mwa Novemba akachoka, akamwagiza mdogo wake apige simu.

"Otto," Apolonia alisema, "dada yuko hapa pembeni. Anauliza, yule wa mezani ana nini?"

"Yule wa mezani anafuata utaratibu."

Apolonia akanong'ona na mtu pembeni, kisha akarudi. "Dada anasema utaratibu wa picha mbili haupo popote. Ameuliza wakunga wenzake wa Rabaul. Anasema kuna mtu anamchezea."

"Mwambie dada yako… Apo, ondoka hapo karibu naye kwanza."

Apolonia akasogea mpaka kwenye migomba. Otto akamwaga yote: kompyuta, herufi V, u na o.

"Wewe mwanaume," Apolonia alisema. "Yaani wewe ndiye uliyemwandika hivyo?"

"Ningefanyaje? Ni jina la mzee!"

"Na sasa mimi nizalishwe na nani? Na mzee?"

"Usiseme hivyo, Apo."

"Nasema! Tumbo ni langu. Miguu imevimba kama ya tembo, na wewe umekalia leseni ya dada yangu kwa sababu ya adabu! Adabu gani hii ya kuniua?"

Alikuwa na haki ya kupaza sauti. Tatizo ni kwamba aliipaza kwenye migomba, na upande wa pili wa migomba alikuwa ameketi mzee Vokula mwenyewe, anachonga mpini wa shoka.

Mzee akainuka. "Umesema nini? Mkwe wangu amefanyaje?"

Ikabidi aambiwe. Apolonia alimwambia huku akilia, akitegemea kwamba baba atakasirika, atapiga simu, atampa Otto ruhusa au amtoze nguruwe, na mambo yaishe. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo alikuwa peke yake?"

"Peke yake, baba."

"Hakuna aliyekuwa anamwona?"

"Hakuna."

"Na hakuliandika?"

"Hakuliandika, baba."

"Akabadilisha daftari la serikali nzima kwa ajili yangu?"

Mzee akaketi tena chini, mpini ukamdondoka, machozi yakamlengalenga. Wallahi sitanii. Akaomba nakala ya leseni. Alipopewa, akaipeleka nyumba kwa nyumba. "Mkwe wa jirani yetu Tomasi si aliinamisha tu kichwa akanyamaza? Hata mbuzi ananyamaza. Wangu ameandika! Tazama hapa. Tazama o hii." Wazee wa Kasiloli waliitazama ile o kwa wivu mkubwa. Wawili kati yao walirudi nyumbani wakawagombeza wakwe zao bila sababu.

"Baba," Philomena alimwambia jioni, "hiyo karatasi unayoitembeza ndiyo inayoniachisha kazi. Mpigie simu umruhusu aliandike."

"Nimruhusu? Nimvunjie adabu yake mtu aliyeitunza gizani?"

"Wanawake watazaa njiani!"

"Walikuwa wanazaa kabla ya leseni."

"Na walikuwa wanakufa kabla ya leseni! Binti yako yuko hapa, baba. Mtazame."

Mzee akamtazama Apolonia na miguu yake, akakosa raha. Lakini akasema tu, "Si afadhali wabadilishe orodha ya mishahara iweke o? O ina kasoro gani? Ni duara zuri." Philomena akatoka nje, akabamiza mlango, na mlango wa nyumba ile ni wa pazia, kwa hiyo haukumsaidia.

Wiki ya pili ya Desemba akaomba ruhusa ya siku tatu, akafika uwanja wa Hoskins na faili kwapani, akapanda ndege kwenda Moresby.

Otto alikuwa mezani aliposikia sauti ya viatu kwenye ukumbi. Hizo hatua alizijua. Ndizo zilizomfukuza jikoni miaka yote ya likizo za ukweni. Akainua macho, akamwona Philomena anaingia na sare yake nyeupe, kifua mbele. Philomena naye akamwona. Papo hapo, kama waliovutwa kwa kamba moja, wote wawili wakageuka, wakapeana migongo. Otto akatazama ukuta wenye kalenda. Philomena akatazama mlango. Kati yao kulikuwa na kaunta, na pembeni ya kaunta mlinzi Lakain, jitu la milimani Enga lenye ndevu mpaka kifuani, ambaye hapo kwanza alidhani pametokea ujambazi.

"Bosi?" Lakain aliuliza. "Nimtoe?"

"Usimguse!" Otto aliiambia kalenda. "Muulize anahitaji nini."

"Lakini yuko hapa hapa, bosi."

"Muulize!"

Lakain akamgeukia Philomena. "Mama, huyu bwana anayetazama ukuta anauliza unahitaji nini."

"Mwambie huyo bwana," Philomena aliuambia mlango, "nimekuja kuchukua jina langu."

"Anasema amekuja kuchukua jina lake."

"Nimesikia," Otto alisema. "Mwambie bado kuna utaratibu."

"Anasema kuna utaratibu."

"Mwambie nimekula kiapo, padri wangu amekula kiapo, nimepiga picha mbili, sasa anataka nini? Anataka nilete na kitovu changu?"

Lakain akamtazama Otto mgongoni kwa muda. "Bosi, hii ya kitovu niiseme?"

Wateja wengine, wauguzi watatu waliokuja kuhuisha leseni, walikwisha sogeza viti karibu. Mmoja wao, mwenyeji wa Sepik, akawaeleza wenzake kwa kunong'ona, "Ni mashemeji," na wote wakaitikia, "Ahaa," maana hapo hapana lingine la kueleza. Lakain peke yake ndiye aliyebaki amechanganyikiwa. Kwao mashemeji wanagombana wakitazamana.

"Mwambie," Philomena alisema, na sasa machozi yalianza kumtoka, "mwambie mdogo wangu anashindwa kulala. Tarehe mosi Januari nikikutwa nimevaa glovu nashtakiwa. Mtoto akija tarehe kumi na tano nifanye nini? Nisimame dirishani nimwelekeze Apolonia kwa maneno? Muulize hilo. Muulize anataka nisimame wapi."

Hilo Lakain hakuweza kulirudia. Halikuhitaji kurudiwa, mabega ya Otto yalikuwa yanatetemeka mbele ya kalenda.

Hapo ndipo Mama Raka Vagi alipotoka ofisini kwake na kikombe mkononi. Akakuta afisa wake analia ukutani, mkunga analia mlangoni, mlinzi amesimama katikati kama nguzo, na wauguzi watatu wanatafuna biskuti.

"Kuna nini hapa?"

Muuguzi wa Sepik akasema, "Mama, mashemeji."

Mama Raka akamwita Otto ndani, akafunga mlango. Otto akasema yote, akiwa amesimama wima, mikono nyuma. Alipomaliza akaongeza, "Unaweza kunifukuza, Mama. Lakini kwanza mrekebishie shemeji yangu."

Mama Raka akaweka kikombe mezani. "Miezi miwili? Umenificha miezi miwili kitu cha dakika moja?"

"Ndiyo, Mama."

"Otto, wewe ni mpumbavu."

"Ndiyo, Mama."

"Onyo la maandishi utalipata, na litaingia kwenye faili lako. Sogea, nimwandike mwenyewe." Akavuta kibodi, akafungua daftari, akatafuta V. Kisha mkono wake ukasimama hewani. "Ala!"

Sababu ni hii. Daftari lile lilitengenezwa ili mtu mmoja asiweze kufanya ujanja. Marekebisho yanaandikwa na mmoja na kukubaliwa na mwingine. Afisa anaandika, Msajili anakubali. Mama Raka akiandika, nani akubali? Mwenzake Otto yuko masomoni. Lakain alijitolea kwa moyo mweupe, akaambiwa mlinzi hana namba ya siri. Wakakaa wanaitazama kompyuta, na kompyuta inawatazama.

"Kukubali ni kubonyeza tu, siyo?" Otto aliuliza.

"Ni kusoma na kubonyeza."

"Kusoma kwa macho hakuna ubaya, Mama. Ubaya uko mdomoni na kwenye vidole."

Mama Raka akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha akavuta karatasi yenye nembo ya bodi. Akaandika kwamba, kwa mamlaka aliyopewa ya kukaimisha, anamteua Bwana Otto Mautu kuwa Kaimu Msajili, kuanzia saa tano na nusu hadi saa sita kasorobo, siku hiyo hiyo. Akapiga muhuri. Wakabadilishana viti. Mama Raka akaandika jina kwa kidole kimoja, u ikarudi mahali pake, na kompyuta ikamuuliza Kaimu Msajili kama amesoma na kuridhika.

Otto akasoma. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya ndoa yake kulitazama jina lile bila kukwepesha macho. Akabonyeza.

"Hongera kwa cheo," Mama Raka alisema. "Sasa toka kwenye kiti changu."

Philomena akalipa ada ya kuhuisha, leseni mpya ikachapwa, Lakain akampelekea hatua tatu kutoka kaunta hadi mlangoni. Philomena akaikagua mbele na nyuma. "Mwambie yule bwana," alisema, kisha akaacha. "Basi. Usimwambie kitu." Akaondoka. Mama yake Otto, alipopigiwa simu usiku, alilia kwa furaha kwamba mwanawe amekuwa Msajili, na hakutaka kabisa kuambiwa ni kwa robo saa.

Januari Otto alikuwa Kasiloli kwa likizo. Uchungu ulimwanza Apolonia alfajiri, na mchana ulipofika walikuwa bado. Otto na mzee Vokula waliketi kwenye benchi nje ya chumba cha kuzalia, chini ya dirisha lenye pazia la maua. Kati yao palikuwa na kikapu cha popoo. Hawakusemezana; hawajawahi kusemezana sana. Apolonia alipopiga ukelele Otto aliinuka, mzee akamvuta shati akamketisha. Ukelele mwingine. Ndani sauti ya Philomena ilikuwa tulivu, "Vizuri, mdogo wangu. Tena. Usiogope, nipo." Otto aliinamisha kichwa kati ya magoti, akawa anasema moyoni, nipo, nipo, nipo, kama ndiyo sala pekee aliyowahi kufundishwa.

Kisha mtoto akalia. Alilia kwa hasira, mapafu kamili.

Mzee akatema mate mekundu pembeni, akajifuta macho kwa kiganja. "Wa kiume huyo," akasema. "Nasikia. Nampa jina langu." Alisema hivyo hewani, bila kumtazama mtu.

Baada ya muda pazia likasogea kidogo. Philomena alikuwa upande wa pili na kalamu na fomu ya taarifa ya kuzaliwa. Hakumtazama Otto, wala Otto hakumtazama.

"Apolonia," Philomena alisema, "muulize baba wa mtoto jina niandike nini."

"Otto," Apolonia aliita kwa sauti iliyochoka kabisa, yenye furaha, "dada anauliza jina."

Fomu haitaki heshima, inataka jina. Otto akamtazama mzee; mzee akajifanya anachagua popoo, lakini mikono yake ilikuwa imesimama. Kulikataa jina la babu ni tusi. Kulitamka ni tusi. Otto akalamba midomo.

"Yosefu," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo, taratibu, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, "Vokola. Mautu."

Mzee akafumba macho.

Ndani kalamu ikanyamaza. Philomena alikuwa na leseni mpya ukutani juu ya meza yake, na alijua kuliko mtu yeyote nchi nzima o ile ingemgharimu nini huyu mtoto siku mtu akiiandika u: viapo, picha mbili, padri, ndege. Neno moja tu kutoka kwake lingeirudisha u mahali pake. Giza lilikuwa limeanza kuingia, na mwanga wa dirishani ulikuwa unamwangukia yule kijana nje, aliyejikunja kwenye benchi kama anayengoja kupigwa.

Akaandika. Chini yake akatia sahihi yake, Philomena Vokula, na namba ya leseni. Kisha, kama utaratibu unavyotaka, akasoma kwa sauti alichoandika ili mzazi athibitishe. Alikisoma herufi kwa herufi. Safari hii hakupitia kwa Apolonia, aliyekuwa amekwisha sinzia.

"V. O. K. O. L. A. Ndivyo?"

Otto aligeuka kuelekea dirishani. Miaka sita ya ndoa, na hajawahi kumwambia shemeji yake hata neno moja.

"Ndivyo," akamjibu.

Mzee akasogeza kikapu cha popoo upande wa Otto, akajifanya hakusikia.